Linki ya usaili ikigoma: ujumbe wa kumwandikia afisa ajira

Ujumbe ambao mwombaji kazi humwandikia afisa ajira baada ya linki ya kuchagua muda wa usaili kugoma una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumjulisha afisa jambo ambalo yeye haoni kwenye mfumo wake. Ya pili ni kumwezesha kupanga muda mwingine bila kurudi kuuliza swali hata moja. Ujumbe unaotimiza yote mawili huwa mfupi, wa aya mbili au tatu, lakini kila sentensi ndani yake imewekwa kwa sababu.

Ili kuelewa sababu hizo, inafaa kuanza upande wa pili wa meza. Kampuni nyingi sasa hazipigi simu kumuuliza mwombaji siku gani ana nafasi. Afisa ajira anaunganisha kalenda za watu wa jopo la usaili na programu kama Calendly au Microsoft Bookings, kisha anamtumia mwombaji linki. Programu inatafuta saa ambazo wanajopo wote wako huru, inazionyesha kwenye ukurasa, na mwombaji anachagua mojawapo. Akithibitisha, mambo matatu yanapaswa kutokea kwa mfuatano: muda ule unaandikwa kwenye kalenda ya jopo, unaondolewa machoni pa waombaji wengine, na barua pepe ya uthibitisho inamfikia mwombaji, mara nyingi ikiwa na linki nyingine ya kuingia kwenye usaili wa video.

Sasa, mambo haya yasipotokea, afisa ajira anaona nini? Mara nyingi haoni chochote. Kwenye orodha yake kuna jina la mwombaji na mbele yake maneno yenye maana ya "bado hajachagua muda". Mwombaji aliyehangaika na ukurasa uliogoma kwa nusu saa na mwombaji ambaye hakujishughulisha hata kufungua barua wanaonekana vilevile kabisa. Mwisho wa kuchagua ukipita, mfumo unaweza kumhesabu kuwa hakuitikia, na afisa mwenye waombaji wengi mkononi hana sababu ya kushuku tatizo la kiufundi. Hili ndilo jambo la kulishika kuliko yote, kwa kuwa waombaji wengi hukaa kimya wakiamini kwamba hitilafu ya mfumo inajulikana kwa mwenye mfumo. Haijulikani mpaka mtu aiseme.

Linki hugoma kwa sababu nyingi, lakini chache ndizo zinazobadilisha namna ya kuandika ujumbe. Iliyo rahisi kuliko zote ni linki iliyokatika. Linki hizi huwa ndefu, na barua pepe ya maandishi matupu huweza kukunjwa kila baada ya herufi 78 hivi, hivyo linki inavunjika katika mistari miwili na ile sehemu ya juu pekee ndiyo inayobonyezeka. Wakati mwingine nukta ya kumaliza sentensi inashikamana na mwisho wa linki na kuhesabiwa kama sehemu yake. Dalili ya hali zote mbili ni ukurasa wenye namba 404, yaani anwani hiyo haipo. Mwombaji anaweza kulitatua mwenyewe kwa kunakili linki yote, kuibandika kwenye kivinjari, na kuondoa nafasi au nukta iliyojipenyeza. Akifanikiwa, hakuna haja ya ujumbe wowote.

Sababu ya pili ni linki iliyokwisha muda au iliyofungwa. Maafisa wengine hutumia linki inayokubali kuchagua mara moja tu. Ikishatumika, haifunguki tena kwa mtu yeyote. Wengine huweka tarehe ya mwisho, au huufunga ukurasa wa usaili mara tu nafasi zinapojaa. Hapo mwombaji hana cha kurekebisha. Anayeweza kufungua mlango ni afisa peke yake.

Sababu ya tatu ndiyo inayoleta vurugu zaidi, nayo ni mfumo kukwama katikati ya uthibitisho. Mwombaji anachagua muda, anajaza jina na barua pepe, anabonyeza kitufe, ukurasa unazunguka, kisha inatokea namba 500, ambayo ni ishara kwamba hitilafu iko kwenye kompyuta ya upande wa mfumo, si kwenye simu yake. Akirudi kwenye ukurasa, muda aliouchagua haupo. Wengi huhitimisha papo hapo kwamba mwombaji mwingine amewawahi. Inawezekana ni kweli. Lakini upo uwezekano mwingine unaosahaulika: huenda aliyeuchukua muda ule ni yeye mwenyewe. Mfumo uliandika jina lake kwenye kalenda ya jopo, ukauondoa muda kwenye orodha, kisha ukakwama kabla ya kutuma barua ya uthibitisho. Mwombaji anaamini hana usaili, huku jopo likiamini linaye, na siku ikifika wanajopo watakaa mbele ya skrini wakimsubiri mtu ambaye hana habari. Kwenye kumbukumbu ataandikwa kuwa hakuhudhuria, na alama hiyo ni mbaya kuliko ya kutoitikia.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi ujumbe unavyojengwa juu ya sababu hii ya tatu. Mwombaji yuko Morogoro, nafasi ni ya msimamizi wa ghala katika kampuni ya usambazaji ya Dar es Salaam, na usaili wa kwanza ni wa video. Barua ya afisa ajira inaingia Jumanne saa 9:40 alasiri: achague muda wowote wa Alhamisi au Ijumaa, na afanye hivyo kabla ya Jumatano saa 12:00 jioni. Saa 2:15 usiku anafungua linki kwenye simu. Nafasi ziko tele. Anachagua Alhamisi saa 4:00 asubuhi, anajaza taarifa zake, anathibitisha, na ukurasa unaleta namba 500. Anafungua linki upya. Safari hii ukurasa unasema kwamba linki imekwisha kutumika.

Maneno hayo ya mwisho ni dalili muhimu, ingawa mtu aliyeshtuka hawezi kuyaona hivyo mara moja. Linki ya kutumika mara moja haijifungi kwa sababu mtu ameitazama. Hujifunga kwa kawaida baada ya muda kuandikishwa. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba Alhamisi saa 4:00 imesajiliwa kwa jina lake. Lakini hana uhakika, na hawezi kuupata bila kumuuliza mwenye kalenda.

Kabla ya kuandika, dakika kumi za uchunguzi zinatosha. Anatazama barua pepe zilizoingia kwenye folda ya taka na kwenye kalenda ya simu yake, kwani mwaliko huweza kuingia kalendani bila barua kuonekana. Anafungua linki kwenye kifaa kingine, au kwenye dirisha la faragha la kivinjari, na kwa mtandao tofauti kama upo. Linki aliyoifungua ndani ya WhatsApp aihamishie kwenye kivinjari kamili, kwa sababu vivinjari vidogo vilivyomo ndani ya programu za ujumbe wakati mwingine hushindwa kuonyesha kurasa za aina hii. Kisha anapiga picha ya skrini inayoonyesha kosa pamoja na saa ya simu. Uchunguzi huu haulengi kumfanya fundi. Unamwezesha kuandika sentensi moja tu, "nimejaribu kwa simu na kwa kompyuta", ambayo inaondoa swali la kwanza ambalo afisa yeyote angeliuliza. Jambo la kujizuia nalo ni kubonyeza kitufe cha kuthibitisha tena na tena. Kama mfumo umekwama katikati, kila mbonyezo unaweza kuandikisha usaili mwingine, na mwombaji mmoja akaonekana ameshika nafasi tatu za wenzake.

Ujumbe unatumwa usiku uleule, saa 2:40, kwa kujibu barua ya afisa badala ya kuanzisha mpya. Kujibu kwenye barua ileile kuna faida ambayo haionekani kwa macho: barua ya jibu hubeba ndani yake utambulisho wa barua ya awali, na kwa utambulisho huo programu za barua pepe huziweka pamoja. Mifumo mingi ya kupokea maombi nayo huhifadhi mazungumzo ya namna hiyo kwenye faili la mwombaji. Afisa akiifungua anaona mara moja ni nani, nafasi gani, na linki ipi. Barua mpya yenye kichwa "Tatizo" humlazimu kutafuta yote hayo. Ujumbe wenyewe ni huu:

"Ndugu Afisa Ajira,

Naandika kuhusu usaili wa nafasi ya Msimamizi wa Ghala. Leo Jumanne saa 2:15 usiku (20:15) nilifungua linki mliyonitumia nikachagua Alhamisi saa 4:00 asubuhi (10:00). Nilipothibitisha, ukurasa ulionyesha kosa namba 500, na mpaka sasa sijapata barua ya uthibitisho. Nilipofungua tena, ukurasa ulisema linki imekwisha kutumika. Nimejaribu kwa simu na kwa kompyuta, matokeo ni hayohayo. Picha ya skrini nimeiambatisha.

Naomba mniangalizie kama Alhamisi saa 4:00 asubuhi imesajiliwa kwa jina langu. Ikiwa imesajiliwa, nitahudhuria. Naomba tu linki ya kuingilia. Ikiwa haikusajiliwa, nina nafasi Alhamisi saa 7:00 mchana hadi saa 11:00 jioni (13:00–17:00), na Ijumaa saa 3:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri (09:00–15:00). Mnaweza kunitumia mwaliko moja kwa moja kwa barua pepe hii bila kupitia linki nyingine.

Napatikana kwa simu iliyo kwenye wasifu wangu, ambayo nimeiandika tena hapa chini. Asanteni kwa msaada wenu."

Chini yake ni jina kamili kama lilivyo kwenye maombi, na namba ya simu. Afisa akiwa amesaini barua yake kwa jina, mwombaji naye amwite kwa jina hilo, Bi. au Bw., badala ya cheo.

Aya ya kwanza inasimulia kwa mpangilio wa saa, bila kivumishi hata kimoja cha lawama au majuto. Kila kitu ndani yake kinaweza kuhakikiwa. Ile saa 2:15 usiku, hasa, ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Mifumo hii hutunza kumbukumbu ya kilichofanyika na wakati kilipofanyika, na afisa akilipeleka suala kwa fundi wa kampuni, jambo la kwanza fundi atakaloomba ni saa. Ujumbe usemao "nilijaribu jana linki ikakataa" humwacha fundi bila pa kuanzia. Saa hiyo inathibitisha jambo lingine pia: mwombaji alitimiza wajibu wake kabla ya muda wa mwisho. Yeye mwenyewe hahitaji kulisema hilo. Tarehe zinalisema.

Aya ya pili inaanza na swali kuhusu muda uleule wa awali, kabla ya kuomba mwingine. Mpangilio huu ndio unaotofautisha ujumbe huu na mingi inayoandikwa. Mwombaji anayeruka moja kwa moja kwenye "naomba muda mwingine" anaweza kupewa Ijumaa huku jina lake bado limekaa Alhamisi, na jopo likamsubiri bure. Akiuliza kwanza, afisa anafungua kalenda, anatazama Alhamisi saa 4:00, na jibu linapatikana chini ya dakika moja. Iwapo jina lipo, kazi imekwisha. Na iwapo jibu litachelewa, ni busara mwombaji awe tayari mbele ya kompyuta Alhamisi saa 4:00, simu ikiwa karibu, kwa sababu jopo huweza kumpigia likiona hajaingia.

Baada ya swali huja nafasi mbadala. Mwombaji hatoi saa moja, wala hasemi "muda wowote". Saa moja ikishindikana, barua zinaanza kurushiana. "Muda wowote" nao, ingawa unaonekana wa ukarimu, unamrudishia afisa mzigo wa kukisia, na mara nyingi si kweli, maana mtu ana kazi, ana masomo, au ana mtoto wa kumpeleka zahanati. Vipande viwili vipana katika siku zilezile zilizotajwa na afisa vinampa nafasi ya kuoanisha na kalenda za watu watatu au wanne. Kutoka nje ya siku hizo ni kuomba jopo likusanywe upya, na kuna sababu chache za kuomba hivyo katika ujumbe wa kwanza.

Kisha kuna sentensi inayosema mwaliko unaweza kutumwa bila kupitia linki. Kuomba linki mpya ndiko kunakomjia mtu haraka, lakini kama hitilafu iko kwenye ukurasa wa usaili, linki mpya itampeleka palepale. Afisa anaweza kuandika miadi mwenyewe kwenye kalenda na kumwongeza mwombaji kwa barua pepe yake. Mwaliko hutoka kwenye kalenda na hauutegemei ule ukurasa uliokwama. Maafisa wengi wanalijua hili, ila mtu aliyezoea kutuma linki huenda asilikumbuke asipoguswa.

Uandishi wa saa unastahili uangalifu wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Afisa wa Dar es Salaam akisoma "Alhamisi saa 4" atafikiria asubuhi saa nne. Lakini programu ya kalenda, na afisa aliyezoea kufanya kazi kwa Kiingereza, huweza kuisoma kuwa 4:00 ya jioni, ambayo ni saa kumi. Tofauti ni ya saa sita, na haina dalili yoyote ya kumtahadharisha msomaji, kwani saa zote mbili ni za kazi. Kuandika saa kwa Kiswahili na kuweka mabanoni mtindo wa saa 24 kunamaliza utata. Afisa akiwa nje ya Afrika Mashariki, inaongezwa kwamba saa hizo ni za Dar es Salaam, yaani UTC+3. Tanzania, Kenya na Uganda hazisogezi saa mwaka mzima, lakini Uingereza husogeza: tofauti ya Dar es Salaam na London ni saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwombaji aliyepangiwa usaili wiki inayofuata Jumapili hiyo, akahesabu kwa tofauti ya wiki iliyopita, atafika saa nzima kabla ya wakati. Mwezi Machi, saa zinaposogezwa mbele, kosa hilohilo litamfikisha saa nzima baadaye.

Wapo wanaoandika ujumbe kwa namna nyingine, na ni vizuri kuona ugumu wanaouleta. Mmoja huandika mstari mmoja: "Habari, linki haifanyi kazi." Afisa analazimika kuuliza ni linki ipi, inaonyesha nini, na nafasi ni ya kazi gani, kwa kawaida kila swali linakula nusu siku, na siku za usaili ni mbili tu. Mwingine huomba radhi kwa aya nzima, akieleza jinsi anavyoitaka kazi hiyo na jinsi mtandao wa kwake ulivyo dhaifu. Kwa kufanya hivyo anabeba kosa ambalo si lake. Anayesoma "samahani sana kwa kushindwa kuchagua muda" atabaki na picha ya mtu aliyeshindwa. Wa tatu hulaumu: mfumo wenu ni mbovu, mnatupotezea nafasi. Huenda anasema kweli, lakini anayeisoma barua ile ndiye anayetakiwa kumfanyia kazi ya ziada leo, na mara nyingi si yeye aliyeununua mfumo huo. Ukweli uleule ukisemwa kama tukio lenye saa na picha, una nguvu zaidi na haumwumizi mtu.

Picha ya skrini yenyewe ikatwe ionyeshe kosa, saa, na anwani ya ukurasa tu. Picha ya skrini nzima huonyesha mambo mengine, zikiwemo taarifa za benki au ujumbe wa kampuni nyingine inayofanya usaili na mwombaji huyohuyo. Na linki ya usaili isibandikwe kwenye kundi la WhatsApp ili kuuliza kama wenzake inawafungukia. Linki ya kutumika mara moja ikibonyezwa na mwingine hadi mwisho, nafasi inakwenda kwa jina la huyo mwingine.

Barua ikishatumwa usiku, hakuna cha kufanya mpaka asubuhi. Kumpigia simu afisa saa tatu usiku hakumsaidii yeyote, na barua yenyewe tayari imebeba saa yake. Asubuhi, kwa kuwa mwisho wa kuchagua ni Jumatano hiyohiyo jioni, mwombaji ana haki ya kutafuta njia ya haraka zaidi. Simu fupi kati ya saa 3:00 na saa 4:00 asubuhi, au ujumbe wa simu ikiwa afisa aliwahi kuutumia, inatosha: "Habari za asubuhi. Mimi ni mwombaji wa nafasi ya Msimamizi wa Ghala. Jana usiku niliwatumia barua pepe kuhusu linki ya usaili iliyoleta kosa. Naomba muitazame kabla ya saa 12:00 jioni ya leo. Asante." Ujumbe huu haurudii hadithi. Unamwelekeza afisa kwenye barua ambamo kila kitu kipo, na unamkumbusha saa inayobana. Kama hakuna saa inayobana, barua ya ukumbusho husubiri siku mbili za kazi, nayo huandikwa juu ya barua ileile.

Kuna hali ambapo barua haina pa kwenda. Linki nyingi hutoka kwenye anwani inayoanza na noreply, na jibu linalotumwa huko halisomwi na mtu. Hapo mwombaji hurudi nyuma kwenye barua za awali kutafuta iliyosainiwa na mtu, au kwenye tangazo la kazi lenye anwani ya kuuliza maswali, au hupiga simu ya mapokezi ya kampuni na kuomba anwani ya idara ya rasilimali watu. Kumwandikia mkuu wa kitengo atakayemsaili si njia nzuri. Yeye hana mamlaka juu ya mfumo wa ratiba, na atakachofanya ni kuipeleka barua kwa afisa yuleyule, sasa ikiwa na ladha ya mashtaka.

Linki iliyovunjika pia huweza kuwa dalili ya kitu kingine kabisa. Ukurasa wa kuchagua muda huomba jina, barua pepe na pengine namba ya simu. Ukiomba nywila ya barua pepe, namba ya siri ya pesa za simu, au malipo ya "kuthibitisha usaili", huo si ukurasa wa ratiba. Mwombaji anayekutana na hali hiyo asiandike kwa kujibu barua ile. Atafute namba ya kampuni kwa njia yake mwenyewe na aulize kama kweli ameitwa.

Katika mfano wa Morogoro, Jumatano asubuhi inaweza kuleta moja ya majibu matatu. La kwanza: jina lipo Alhamisi saa 4:00, barua tu ndiyo haikutoka. Mwombaji anajibu kwa mstari mmoja kwamba amepokea, anakubali mwaliko kwenye kalenda, na anaifungua mapema linki ya video kuhakikisha inafanya kazi. Jibu la pili: jina halipo, na saa 4:00 ameichukua mwingine, lakini Ijumaa saa 5:00 asubuhi iko wazi. Hapo pia anajibu kwa kutaja siku na saa kwa maneno yake, "Nathibitisha Ijumaa saa 5:00 asubuhi (11:00)", kwa sababu baada ya mkanganyiko kama huu, kila upande unahitaji kuona upande mwingine umeelewa saa ileile. Inafaa pia kutazama kama simu imewekwa kwenye majira sahihi. Simu iliyoachwa kwenye saa za Johannesburg itaonyesha mwaliko wa saa 5:00 kuwa ni wa saa 4:00.

Jibu la tatu ndilo gumu: nafasi zote zimejaa na jopo halitakutana tena. Kampuni binafsi hailazimiki kupanga siku ya ziada, na mwombaji akidai haki atakuwa amefunga mlango ambao bado uko wazi kidogo. Kilichobaki kinachofaa kuombwa ni kuwekwa kwenye orodha ya akiba. Waombaji hujitoa, wengine asubuhi ya siku yenyewe, na afisa aliye na nafasi tupu saa mbili kabla humtafuta mtu anayejua kuwa yuko tayari. Ombi linaweza kuwa hivi: "Nashukuru kwa kunijulisha. Kama kuna mwombaji atakayejitoa Alhamisi au Ijumaa, niko tayari kuingia hata kwa taarifa ya nusu saa, kwa simu au kwa video. Naomba pia ibaki kwenye kumbukumbu zenu kwamba nilichagua muda Jumanne kabla ya hitilafu." Sentensi ya mwisho si ya kulalamika. Inaondoa kwenye faili ile alama ya kutoitikia, ambayo afisa mwingine anaweza kuikuta pindi mwombaji huyo atakapoomba nafasi nyingine katika kampuni hiyohiyo.

Utaratibu huu wote ni wa mahali ambapo mwombaji huchagua saa yake mwenyewe. Katika utumishi wa umma wa Tanzania mambo huenda tofauti: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza majina ya walioitwa kwenye usaili pamoja na tarehe, saa na mahali, na wote wa kada moja hufuata ratiba iliyopangwa. Huko hakuna muda wa kuchagua wala wa kupoteza kwa linki. Aliyeshindwa kufungua tangazo au akaunti yake hatarajii kupangiwa siku ya peke yake. Analoweza ni kuwasiliana na Sekretarieti kabla ya tarehe iliyotangazwa, akieleza kilichomkwamisha na akitaja kada aliyoiomba.